x ikiwa chini ya mstari: kwa nini usikrosi kwenye kutolingana, na ufanye nini badala yake

Chukua hesabu hii fupi. Tafuta x zote zinazotosheleza

1/x < 1/2

Anayekrosi, yaani anayezidisha kwa mshazari, ana mstari mmoja tu wa kuandika: 2 < x. Anaandika jibu lake, x > 2, na kusonga mbele. Sasa weka x = −5. Upande wa kushoto unakuwa 1/(−5), yaani −0.2, na −0.2 ni ndogo kuliko 0.5 bila ubishi. Kwa hiyo −5 ni jawabu halali, lakini kwenye x > 2 haimo. Hata −1 haimo, wala −100, wala namba hasi yoyote, ingawa zote zinatosheleza. Jibu kamili ni x < 0 au x > 2.

Hapo majawabu yamepotea. Kwenye hesabu nyingine mambo huenda kinyume, yaani unaongezewa majawabu ya uongo. Tazama hii, ambayo tutaendelea nayo kwa sehemu kubwa ya mwongozo:

(x + 3)/(x − 2) ≥ 2

Ukikrosi unapata x + 3 ≥ 2x − 4, kisha x ≤ 7. Weka x = 0 uone: 3/(−2) ni −1.5, na −1.5 haifiki 2. Lakini 0 ni ndogo kuliko 7, kwa hiyo jibu lako limeikubali. Limeikubali hata x = 2, ambayo inaifanya asili iwe sifuri na sehemu yenyewe isiwepo kabisa.

Kosa linatokea wapi hasa

Kwenye mlinganyo wenye alama ya =, kukrosi hakuna shida kubwa. Vitu viwili vilivyo sawa ukivizidisha kwa −4, bado ni sawa. Cha kuchunga ni sifuri tu. Ndiyo maana tabia hii inakuwa ngumu kuiacha: kwa miaka kadhaa imefanya kazi vizuri kwenye milinganyo, kisha inahamishiwa mahali ambapo sheria yake ni nyingine.

Kwenye kutolingana, kuzidisha kwa namba hasi kunageuza mpangilio. 3 ni ndogo kuliko 5. Zidisha zote mbili kwa −2, utapata −6 na −10, na sasa ya kwanza ndiyo kubwa. Ukiuchora mstari wa namba utaona sababu: kuzidisha kwa namba hasi kunaupindua mstari mzima kuzunguka sifuri, kwa hiyo aliyekuwa kulia anajikuta kushoto.

Sasa rudi kwenye (x + 3)/(x − 2) ≥ 2 na ujiulize ulizidisha kwa nini ulipokrosi. Ulizidisha kwa x − 2. Hiyo x − 2 ni chanya au hasi? Hujui, kwa sababu x ndiyo unayoitafuta. Kwa x = 9 asili ni 7, chanya. Kwa x = 0 asili ni −2, hasi. Mstari mmoja ulioandika, x + 3 ≥ 2x − 4, unadai kwamba alama haikugeuka, na dai hilo ni kweli kwa x zilizozidi 2 tu.

Tuiangalie x = 0 kwa karibu zaidi, maana uongo unazaliwa hapo. Kabla ya kuzidisha tuna −1.5 ≥ 2, ambayo si kweli. Zidisha pande zote kwa asili, yaani −2, bila kugeuza alama: kushoto 3, kulia −4. Sasa inasomeka 3 ≥ −4, na hiyo ni kweli. Kauli ya uongo imeingia, kauli ya kweli imetoka. Fanya hivyohivyo kwa x = 3: kabla ni 6 ≥ 2, baada ya kuzidisha kwa 1 ni 6 ≥ 2, hakuna kilichoharibika. Kwa x = 9 tuna 12/7, ambayo ni kama 1.71, na haifiki 2. Baada ya kuzidisha kwa 7 tunapata 12 ≥ 14, ambayo nayo si kweli. Kulia kwa 2 kukrosi ni kwaminifu. Kushoto kwa 2 kunadanganya, na hakukupi dalili yoyote kwamba kunadanganya.

Wengine huepuka kukrosi lakini wanapindua sehemu: 1/x < 1/2, "pindua", x > 2. Hilo ni kosa lilelile limevaa nguo nyingine. Kupindua na kugeuza alama kunafaa pale tu ambapo pande zote mbili zina alama moja, zote chanya au zote hasi.

Njia ya kufuata, hatua kwa hatua

Wazo lake ni dogo. Kujua kama sehemu ni kubwa kuliko 2 ni kazi, lakini kujua kama sehemu ni chanya au hasi ni rahisi: unaangalia alama ya kiasi, unaangalia alama ya asili, basi. Kwa hiyo tunaibadili hesabu mpaka upande mmoja ubaki sifuri. Kujumlisha na kutoa hakugeuzi alama hata siku moja, na hizo ndizo zana tunazoruhusiwa kutumia kwa uhuru.

*Hatua ya 1. Hamisha kila kitu upande mmoja.* Toa 2 pande zote:

(x + 3)/(x − 2) − 2 ≥ 0

*Hatua ya 2. Fanya iwe sehemu moja.* Tafuta KDS ya asili, kama ulivyofanya shule ya msingi ulipotoa 1/3 kwenye 3/4. Hapa KDS ni x − 2 yenyewe, kwa hiyo 2 inaandikwa 2(x − 2)/(x − 2):

[(x + 3) − 2(x − 2)]/(x − 2) ≥ 0

Fungua mabano ya juu: x + 3 − 2x + 4, yaani 7 − x. Tunabaki na

(7 − x)/(x − 2) ≥ 0

Asili haikuondoka. Watu wengi wakifika hapa mkono unawasha, wanataka kuifuta, kwa sababu kulia kuna sifuri na "sifuri mara chochote ni sifuri". Usiifute. Ukiifuta unabaki na 7 − x ≥ 0, yaani x ≤ 7, jibu bovu lilelile tulilolikimbia.

Hatua hii ndiyo yenye ajali nyingi za kawaida. Ile −2 inazidisha vyote viwili ndani ya mabano, na −2 mara −2 ni +4. Anayeandika −4 anapata −x − 1 juu, kisha jibu −1 ≤ x < 2, ambalo sura yake ni nzuri lakini si la kweli. Tutaona baadaye jinsi ya kulinasa.

*Hatua ya 3. Tafuta namba za mpaka.* Hizi ni x zinazofanya kiasi kiwe sifuri na x zinazofanya asili iwe sifuri. Juu: 7 − x = 0, kwa hiyo x = 7. Chini: x − 2 = 0, kwa hiyo x = 2. Sehemu haiwezi kubadili alama yake mahali pengine popote isipokuwa kwenye namba hizi. Kukiwa na x² juu au chini, kwanza chambua vigawo vyake ili kila kigawo kitoe mpaka wake.

*Hatua ya 4. Chora mstari na uweke alama za mipaka.* Namba za mpaka hazina hadhi moja. Inayotoka kwenye asili daima inapewa duara wazi, hata kama alama ni ≥ au ≤, kwa sababu hapo sehemu haipo. Inayotoka kwenye kiasi inapewa kitone kilichojazwa kama alama ina usawa ndani yake (≥ au ≤), na duara wazi kama haina. Kwetu hapa 2 ni duara wazi, 7 ni kitone.

*Hatua ya 5. Tengeneza jedwali la alama.* Mipaka miwili imeugawa mstari vipande vitatu. Kwa kila kipande chukua namba moja yoyote, iweke kwenye kila kigawo, na uandike alama tu. Thamani yenyewe haikuhusu. Tuchukue 0, 3 na 9:

```
               x < 2    2 < x < 7    x > 7
7 − x            +          +          −
x − 2            −          +          +
sehemu nzima     −          +          −
```

*Hatua ya 6. Soma jibu.* Tulitaka sehemu iwe kubwa kuliko au sawa na sifuri, kwa hiyo tunachukua kipande chenye +, tunaongeza 7, tunaiacha 2:

2 < x ≤ 7

Linganisha na x ≤ 7 ya kukrosi. Upande wa kulia walipatana. Tofauti yao ni mkia wote wa kushoto kuanzia 2.

*Hatua ya 7. Jaribu kwenye hesabu ya mwanzo.* Jaribu kwenye ile ya kwanza kabisa, kwa sababu kama ulikosea hatua ya 2, jaribio kwenye mstari wa tatu litakuthibitishia kosa lako. Jaribio lenye nguvu kuliko yote ni la mpaka uliotoka kwenye kiasi: hapo pande mbili lazima ziwe sawa kabisa. Weka x = 7: 10/5 = 2. Sawa. Sasa mchukue yule aliyepata −1 kwa mabano mabovu: (−1 + 3)/(−1 − 2) ni 2/(−3), wala si 2. Amekwisha kamatwa, na imemchukua sekunde kumi. Kisha jaribu namba moja ndani ya jibu na moja nje yake: x = 3 inatoa 6, inakubali; x = 0 inatoa −1.5, inakataa.

Sehemu pande zote mbili

Hapa ndipo kukrosi kunapovutia zaidi, kwa sababu umbo la msalaba linajichora lenyewe:

1/(x − 1) > 2/(x + 3)

Kwa kukrosi: x + 3 > 2x − 2, kwa hiyo x < 5. Tufuate njia yetu. Hamisha, kisha tumia KDS, ambayo safari hii ni (x − 1)(x + 3):

[(x + 3) − 2(x − 1)]/[(x − 1)(x + 3)] > 0

Juu panakuwa x + 3 − 2x + 2, yaani 5 − x. Mipaka ni −3, 1 na 5. Yote ni duara wazi: miwili ya kwanza ni ya asili, na wa tatu kwa sababu alama ni > tupu.

```
               x < −3   −3 < x < 1   1 < x < 5   x > 5
5 − x            +          +            +          −
x − 1            −          −            +          +
x + 3            −          +            +          +
sehemu nzima     +          −            +          −
```

Jibu ni x < −3 au 1 < x < 5.

Lisome jedwali hili polepole, maana lina jambo ambalo maelezo mengi hulipita. Kukrosi hapa ni kuzidisha kwa (x − 1)(x + 3), asili zote mbili kwa pamoja. Kulia kwa 1 zote ni chanya, zao lake ni chanya, kwa hiyo kukrosi ni halali. Kushoto kwa −3 zote ni hasi, lakini hasi mara hasi ni chanya, kwa hiyo napo kukrosi ni halali! Kunaharibika katikati tu, kati ya −3 na 1, ambapo moja ni hasi na nyingine chanya. Ndiyo maana x < 5 ina majawabu mengi ya kweli na kipande kimoja cha uongo. Jaribu x = −4: kushoto −0.2, kulia −2, na −0.2 ni kubwa, sawa. Jaribu x = 0: kushoto −1, kulia 2/3; haiwezekani. Mtu akijaribu jibu lake kwa −4 na 2 pekee atatoka ameridhika na jibu lisilo sahihi. Kwa hiyo ukijaribu, chukua namba kutoka kila kipande.

Neno la kuunganisha hapo ni "au". Usiandike "na", kwa sababu hakuna x iliyo chini ya −3 na wakati huohuo ikawa juu ya 1. Wala usilazimishe vipande viwili viingie kwenye mnyororo mmoja. Maandishi kama 1 < x < −3 hayasemi lolote.

Njia mbili nyingine zilizo halali

Kama ni lazima uzidishe, zidisha kwa kitu usicho na shaka na alama yake. Namba yoyote isiyo sifuri ikipandishwa kipeo cha pili ni chanya, kwa hiyo unaweza kuzidisha kwa (x − 2)² badala ya x − 2:

(x + 3)(x − 2) ≥ 2(x − 2)²

Usifungue mabano. Ukiyafungua utapata x² pande zote na kazi ya kuchambua upya. Hamisha na utoe nje kigawo cha shirika:

(x − 2)[(x + 3) − 2(x − 2)] ≥ 0
(x − 2)(7 − x) ≥ 0

Hii inatoa 2 ≤ x ≤ 7. Angalia: 2 imeingia ndani, kwa sababu baada ya kuzidisha hakuna tena asili ya kuikataza. Lazima uiondoe kwa mkono wako. Njia hii ni nzuri na fupi, lakini inamwadhibu msahaulifu, kwa hiyo mwanzoni kabisa andika pembeni "x ≠ 2" kabla hujazidisha chochote.

Njia ya pili ni kukubali kukrosi, lakini kwa hali mbili tofauti. Kama x > 2, asili ni chanya, alama inabaki: x + 3 ≥ 2x − 4, x ≤ 7, ukiunganisha na sharti lako unapata 2 < x ≤ 7. Kama x < 2, asili ni hasi, alama inageuka: x + 3 ≤ 2x − 4, x ≥ 7; lakini tumeshasema x < 2, kwa hiyo hali hii haina jawabu hata moja. Jibu ni lilelile. Wanaokosea hapa mara nyingi hugeuza alama vizuri kabisa, kisha wanasahau sharti na kuandika x ≥ 7 kama sehemu ya jibu. Kwa asili moja njia hii inapendeza. Kwa asili mbili unakuwa na hali tatu za kufuatilia, na hapo jedwali ni nafuu zaidi.

Vigawo vinavyojirudia na vinavyofutika

Wapo wanaojifunza mkato: weka + kwenye kipande cha kulia kabisa, kisha badilisha +, −, +, − kuelekea kushoto. Una mitego miwili. Kwanza, kipande cha kulia kabisa si lazima kiwe +; kwenye mifano yetu yote miwili kilikuwa −, kwa sababu ya 7 − x na 5 − x. Kama unautaka mkato huo, kwanza zidisha pande zote kwa −1 na ugeuze alama, ili (7 − x)/(x − 2) ≥ 0 iwe (x − 7)/(x − 2) ≤ 0. Hiyo −1 unaijua ni hasi, kwa hiyo kugeuza hakuna wasiwasi.

Mtego wa pili ni kigawo chenye kipeo cha pili. Tazama

(x − 2)²/(x + 1) ≤ 0

Mipaka ni −1 na 2, lakini ukipita 2 alama haibadiliki, kwa sababu (x − 2)² haiwi hasi upande wowote. Kushoto kwa −1 sehemu ni hasi. Kati ya −1 na 2 ni chanya. Kulia kwa 2 bado ni chanya. Jibu ni x < −1, pamoja na namba moja iliyokaa peke yake: x = 2, ambapo sehemu ni sifuri na alama ≤ inairuhusu. Jibu lenye namba moja ya upweke linaonekana kama kosa la uchapaji, na ndiyo maana wengi huliacha.

Na kigawo kinachofutika juu na chini kinaacha kivuli. Kwenye (x² − 9)/(x − 3) ≥ 0, kiasi kinachambuka kuwa (x − 3)(x + 3), x − 3 inafutika, na kinachobaki ni x + 3 ≥ 0. Lakini x = 3 ilikatazwa na hesabu ya mwanzo na inaendelea kukatazwa. Jibu: x ≥ −3, isipokuwa x = 3.

Lini kukrosi kunaruhusiwa

Pale unapoijua alama ya asili kabla ya kuanza. Asili kama x² + 1 ni chanya kwa kila x, kwa hiyo zidisha bila hofu. Vilevile x² + 2x + 5, ingawa haijionyeshi mara moja. Iandike (x + 1)² + 4 utaona haishuki chini ya 4.

Wakati mwingine kinachokupa ruhusa ni maana ya herufi yenyewe. Fundi wa kuchapa fulana ana gharama ya 60,000 ya kuandaa mchoro, na kila fulana inamgharimu 8,000. Achape ngapi ili wastani wa gharama kwa fulana moja usizidi 10,000?

(60,000 + 8,000n)/n ≤ 10,000

Hapa n ni idadi ya fulana, haiwezi kuwa hasi wala sifuri. Zidisha kwa n, alama ibaki: 60,000 ≤ 2,000n, n ≥ 30. Hakuna haja ya jedwali. Andika tu "n > 0" kabla ya kuzidisha, ili anayesoma ajue hukubahatisha.

Si kila herufi chanya inakupa asili chanya, hata hivyo. Mashua ya injini inapanda mto wenye mkondo wa kilomita 4 kwa saa. Kasi yake kwenye maji yaliyotulia ni v, na inatakiwa imalize kilomita 12 kwa muda usiozidi saa 2:

12/(v − 4) ≤ 2

v ni kasi, ni chanya, sawa. Lakini kilicho chini ya mstari ni v − 4, na hiyo inaweza kuwa hasi. Fuata hatua:

(12 − 2(v − 4))/(v − 4) ≤ 0
(20 − 2v)/(v − 4) ≤ 0

Mipaka ni 10 na 4. Chini ya 4 sehemu ni hasi, kati ya 4 na 10 ni chanya, juu ya 10 ni hasi tena. Kama hesabu tupu, jibu ni v < 4 au v ≥ 10. Kipande cha kwanza si kosa la hesabu. Weka v = 3: 12/(−1) ni −12, na kweli −12 ni ndogo kuliko 2. Lakini mashua ya kasi 3 kwenye mkondo wa 4 inarudishwa nyuma kilomita 1 kila saa, haifiki kamwe, na "saa −12" si muda wa safari. Kwa hiyo sharti v > 4 linatoka kwenye mto, na ukiliandika juu kabisa kabla ya kuanza, unaruhusiwa kukrosi moja kwa moja: 12 ≤ 2v − 8, v ≥ 10. Usipoliandika, umekrosi kwa bahati, na msahihishaji hana namna ya kujua kwamba ulijua.